Bei ya unga inapanda: maneno gani tuandike chini ya foto?



Koperative nyingi za kwetu sasa ziko na telefone moja ya kazi. Wanapiga foto ya mifuko ya unga, ya bidoni za mafuta ao ya maharagi, wanaandika maneno kidogo chini yake, wanatuma ku WhatsApp kwa makiliya. Wakati bei haibadiliki, kazi hii haina shida. Shida inaanza siku bei inapanda. Hapo ndipo tunaona maneno ya ajabu: wengine wanatuma foto nzuri bila kutaja bei, ili mutu ajue tu akifika ku depo. Wengine wanaandika «bei mupya» bila kusema juu ya nini. Wengine hawaandiki kitu, wanapunguza tu unga ndani ya mufuko.

Tutaeleza namna koperative moja ya upande wa Baraka, mu teritware ya Fizi, ilivyofanya. Wanamemba wake wanalima muhogo. Wanauloweka, wanaukausha, koperative inaununua, inausaga kwa mashini yake, kisha inapeleka unga Uvira mu mifuko ya kilo 25. Kila juma inauzisha karibu mifuko 100. Mifuko 40 kati ya hiyo inachukuliwa na mama watatu wanaouzisha mu soko kwa kipimo kidogo. Ingine inaenda kwa restora na kwa jamaa wanaokuja wenyewe ku depo.

Mara ya kwanza walipopandisha bei walikosea, na makosa yenyewe yanafundisha. Jumapili jioni mwenye kushika telefone aliandika: «Makiliya wapendwa, kuanzia kesho bei ya unga imebadilika. Asante kwa kutuelewa.» Basi. Asubuhi, mama wa soko walifika na feza za bei ya zamani mu kitambaa. Mumoja alikuwa amekwisha kupokea feza za mwenye restora kwa mifuko mitano, akahesabu faida yake juu ya bei ya jana. Alisema mbele ya watu wote: «Munatuibia! Jana mulikuwa mu usingizi? Mungetuambia!» Wawili kati ya wale watatu walienda kununua kwa mwingine, na walikaa huko zaidi ya mwezi. Tukiwauliza, hawakusema bei ilikuwa kubwa sana. Walisema walipata haya mbele ya makiliya wao.

Hebu tukumbuke ile neno ya haya. Mama wa soko anaweza kuvumilia bei kupanda, kwa kuwa naye atapandisha kipimo chake. Kitu hawezi kuvumilia ni kukosa jibu wakati makiliya wake anamuuliza. Kwa hiyo maneno tunayoandika chini ya foto yanasomwa na mama mwenyewe, na yanamupa pia jibu la kurudilia kesho mu soko. Kama hatukumupa jibu, atajitungia lake, na mara nyingi litakuwa: «Ni ile koperative, inapenda feza.»

Hesabu inatangulia maneno

Mwaka uliofuata, mu mwezi wa pili, bei ilitaka kupanda tena. Safari hii komite haikukimbilia telefone. Walikaa na daftari la kesi na wakapanga gharama za mufuko mumoja, zamani na sasa. Hesabu yao iko hivi.

Ili kupata unga kilo 25, wanasaga mihogo mikavu kilo 26, kwa kuwa kuna vumbi na makapi vinavyopotea. Zamani kilo moja ya mihogo mikavu ilikuwa 600 FC, sawa na 15.600 FC kwa mufuko. Kusaga ilikuwa 2.000 FC, mufuko mutupu na uzi 700, kamyo mupaka Uvira 3.500, depo na mushahara wa muuzishaji 2.500, kodi na bariyeri 700. Jumla 25.000 FC. Waliuzisha 27.000 FC, koperative ikabaki na 2.000 FC.

Sasa mihogo mikavu ilifika 680 FC kwa kilo, ndiyo 17.680 FC. Kusaga 2.600, juu ya mazutu. Mufuko mutupu na uzi 800. Kamyo 5.000. Depo 2.500 na kodi 700 hazikubadilika. Jumla 29.280 FC. Maana yake, kila mufuko uliotoka kwa 27.000 FC ulikuwa unakula 2.280 FC za koperative. Kwa mifuko 100, ni 228.000 FC kila juma. Prezida alisema mu mukutano: «Tukinyamaza mwezi mumoja, tutakosa feza ya kununua mihogo ya wanamemba wetu wenyewe.» Hakuna aliyebisha.

Waliangalia tofauti: gharama ziliongezeka 4.280 FC kwa mufuko. Wakaamua bei mupya 31.000 FC, yaani kuongeza 4.000, na zile 280 zinazobaki koperative inazibeba yenyewe. Si nyingi, lakini ni kweli, na kitu cha kweli kinaweza kuandikwa.

Kwa nini kufanya hesabu hii mbele ya kuandika? Juu ya sababu tunazopenda kusema si kila mara sababu zenyewe. Mu ule mukutano karibu kila mutu alitaka waandike «mazutu imepanda». Ni sababu nyepesi, kila mutu anaijua, na hakuna anayetulaumu. Lakini angalieni hesabu: mazutu ya mashini iliongeza 600 FC tu. Kamyo iliongeza 1.500, na sehemu kubwa yake ilitokana na matope: barabara ya Uvira ilikuwa mbaya, kamyo zikawa chache, wenye kamyo wakaomba bei yao. Kitu kilichoongeza kupita vyote ni mihogo yenyewe, 2.080 FC. Karibu nusu ya feza iliyoongezeka ilikuwa inarudi kwa mulimaji.

Baba mumoja aliogopa: «Tukiandika kama ni mihogo, watasema tunajilipa sisi wenyewe.» Ni woga wa kweli, na walibishana sana juu yake. Mwishoe walikubaliana kuandika kweli pamoja na chanzo chake. Mihogo ilipanda juu ya mvua. Wakati wa jua kali mihogo inakauka siku mbili ao tatu. Wakati wa mvua inaweza kuchukua juma nzima, ingine inaoza ao inakuwa nyeusi na inatupwa. Tena mashamba mengi yalipatwa na ule ugonjwa unaooza muhogo ndani ya udongo: majani yanaweza kuonekana sawa, lakini ukikata kiazi unakuta madoa ya rangi ya kahawia, kavu, na sehemu ile hailiwi. Mulimaji anangoa mingi, anapata kidogo. Makiliya wa Uvira wengi wako na shamba ao ndugu mwenye shamba. Hawatashangaa wakisikia hivyo.

Kuna sababu ingine ya kutosema mazutu peke yake. Sababu unayoandika inakufunga. Ukisema bei imepanda juu ya mazutu, siku mazutu inashuka makiliya atakuja na kukuuliza bei ishuke. Na atakuwa na haki. Tuliona jambo hili kwa dola. Mu mwaka wa 2023 dola ilitoka karibu 2.000 FC na ikapita 2.500, na wauzishaji wengi walipandisha bei wakisema «ni dola». Mwisho wa mwaka wa 2025 franka ilipata nguvu, dola ikashuka, lakini bei za vitu vingi mu soko zilibaki palepale. Watu walichukia, na mupaka leo ukiwaambia «ni dola» wanacheka. Kama vitu vyako vyote vinanunuliwa kwa franka hapa kijijini, acha dola mu mufuko wake.

Wa kwanza kujua

Mbele ya kutuma foto kwa watu wote, muuzishaji wa depo alienda mu soko kuona wale mama watatu, mumoja mumoja, na alipigia simu restora mbili. Alifanya hivyo tarehe 4 ya mwezi wa tatu, siku kumi na mbili mbele ya bei mupya. Mama mumoja alisema: «Aksanti kwa kunijulisha. Miye niko na watu wanne walilipa mbele. Hao ntafanya nao nini?» Ulizo hili ndilo lilizaa sehemu nzuri kuliko zote ya yale maneno: mwenye kulipa mbele ya tarehe fulani atapata unga kwa bei ya zamani, hata akiuchukua kisha.

Lakini waliweka mupaka. Kila mutu ataweza kulipa kwa bei ya zamani mifuko anayozoea kuchukua kwa juma mbili, si zaidi. Hii si ukali. Ukitangaza siku kumi mbele kama bei itapanda bila kuweka mupaka, mutu mwenye feza atafika na kununua mifuko 80, ataiweka mu nyumba, kisha atauzisha kwa bei mupya kando ya depo yako. Makiliya mudogo atakuta depo tupu, na atasema mulificha unga. Muuzishaji alifungua ukurasa mu daftari, akaandika jina la kila makiliya wa kila siku na hesabu ya mifuko anayozoea. Ni hapo aliona kama hakuwa na majina ya wengi. Alikuwa anawajua kwa sura tu.

Je, unga uliokwisha kusagwa kwa gharama ya zamani, uuzishwe bei gani? Makiliya wengine waliuliza hivyo, na ni ulizo la akili. Jibu lao lilikuwa hivi: mifuko iliyokuwa ku depo tarehe ile ya tangazo, karibu 170, ilitengwa kwa ajili ya makiliya wa kila siku kwa bei ya zamani, mupaka tarehe 14. Koperative ilijua kama itapata shida ya kununua mihogo mipya kwa feza hiyo, kwa hiyo haikuweza kufanya hivyo zaidi ya siku zile. Koperative yenye kesi ndogo isijaribu kutoa juma mbili. Itoe siku tano, iseme wazi siku tano. Muda mufupi unaotimizwa ni bora kuliko muda murefu unaokatwa katikati.

Foto na maneno

Foto waliyochagua ilikuwa mufuko mumoja juu ya mizani, namba 25 ikionekana sawasawa. Haikuwa foto nzuri sana, mukono wa mutu unaonekana pembeni. Lakini ilijibu ulizo ambalo makiliya hasemi kwa kinywa: mumepunguza kilo? Mu soko zetu kila mutu anajua mambo ya kipimo. Kuna wanaogonga chini ya kopo ili liingie ndani, kuna wanaoweka karatasi. Bei ikipanda, jicho la makiliya linaenda kwanza ku uzito.

Hii ndiyo maneno waliyoandika chini ya foto. Tunayaweka yote, kwa ruhusa yao:

«UNGA WA MUHOGO, MUFUKO WA KILO 25. Kuanzia Jumatatu tarehe 16 mwezi wa tatu bei itakuwa 31.000 FC. Leo ni 27.000 FC, na itabaki hivyo mupaka Jumamosi tarehe 14 saa kumi na moja ya jioni.

Juu ya nini? Mvua inazuia mihogo kukauka na ugonjwa umeharibu mashamba: kilo ya mihogo mikavu ilitoka 600 FC, sasa ni 680. Kamyo ilipanda juu ya barabara, na mazutu ya mashini pia. Vyote pamoja vinaongeza 4.280 FC ku mufuko mumoja. Tunawaomba 4.000, koperative inabeba 280.

Uzito haubadiliki. Mizani iko ku depo, kila mutu apime mwenyewe.

Ukilipa mbele ya tarehe 14, utapata kwa bei ya zamani, kwa hesabu ya mifuko unayozoea kuchukua kwa juma mbili.

Mwanzo wa mwezi wa saba, wakati wa jua, tutapiga hesabu upya na tutawajulisha hapa hapa, bei ishuke ao isishuke.

Mwenye ulizo aone muuzishaji ku depo.»

Sasa tuangalie kwa nini iko hivyo. Bei na tarehe ziko mu mistari ya kwanza kabisa. Ku telefone, maneno marefu yanakatwa, na mutu anaona tu mwanzo mupaka abonyeze ili asome yote. Wengi hawabonyezi. Kama mistari ya mwanzo ni salamu ndefu na «tunawapenda sana makiliya wetu», makiliya ataona mapendo na hataona bei. Kisha atafika ku depo na feza pungufu, na tumerudi palepale pa mwaka uliopita. Salamu si mbaya, lakini kwa ile siku iwe fupi.

Bei ya zamani imeandikwa kando ya bei mupya. Watu wa komite hawakupenda, walisema inaonyesha wazi kama tumeongeza 4.000. Ndiyo, inaonyesha. Lakini makiliya anajua bei ya zamani kuliko wewe. Ukiificha, unamuonyesha tu kama ulitaka kuificha.

Hawakuandika «kuongeza asilimia 15». Kwa mutu anayenunua mufuko, asilimia si kitu. Anataka kujua aongeze noti gani. Na hawakuandika «tunaomba radhi» mara tatu. Kuomba radhi ni kwa kosa. Mvua si kosa la koperative. Kosa lingekuwa kutosema mapema, na hilo hawakulifanya tena.

Ahadi ya mwezi wa saba waliiandika kwa uangalifu. Mutu mumoja alitaka waandike «bei itashuka mwezi wa saba». Hapana. Hakuna anayejua. Waliahidi kitu wanachoweza kutimiza wao wenyewe, yaani kupiga hesabu upya na kujulisha watu. Walichagua mwezi wa saba kwa kuwa ni wakati wa jua: mihogo inakauka haraka na kamyo zinapita.

Jambo la mwisho juu ya telefone. Ukiweka foto ku statu ya WhatsApp, inapotea kisha saa 24. Kwa hiyo walituma mu kundi la makiliya, wakaweka ku statu mara tatu mu siku zile kumi, na wakaandika maneno yaleyale kwa mukono ku karatasi kubwa, wakaibandika ku mulango wa depo. Wengi wa makiliya hawana telefone ya WhatsApp, na wengine hawasomi. Kwa hawa, muuzishaji alisoma kwa sauti kila asubuhi. Ilikuwa muhimu maneno yasitofautiane. Kama karatasi inasema mvua na muuzishaji anasema dola, makiliya ataamini kama mumoja wao anadanganya.

Bei ya kilo moja

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa kuwa koperative nyingi zinafikiria mufuko tu na kusahau mama anayenunua kilo mbili. Depo ile iliuzisha kilo moja 1.200 FC. Muuzishaji alitaka 1.400, kwa sababu ni rahisi kurudisha noti. Lakini 200 FC mara 25 ni 5.000 FC, wakati mufuko uliongezeka 4.000. Mutu maskini angeongezewa kupita mwenye kununua mufuko, na maneno ya chini ya foto yangekuwa uongo kwake. Haki ilikuwa karibu 1.350, lakini noti za 50 FC hazipatikani, na wengi mu soko hawazipokei. Wakapata njia: kilo mbili kwa 2.700 FC. Anayetaka kilo moja tu analipa 1.400, na karatasi ku mulango inasema wazi ni juu ya noti za kurudisha. Watu wengi walichukua kilo mbili.

Maulizo yaliyokuja

Maneno yakiwa mazuri, bado watu watauliza, na muuzishaji anapashwa kuwa na jibu moja. Ulizo lililorudi kila siku lilikuwa: «Mbona kwa fulani ni 28.500, ninyi 31.000?» Muuzishaji wa kwanza alijibu kwa hasira kama unga wa fulani ni muchafu. Komite ilimukataza. Jibu walilokubaliana lilikuwa: «Mama, leta mufuko wake hapa, tupime yote mbili.» Mara mbili watu waliuleta kweli. Mufuko mumoja ulipima kilo 22 na nusu. Ukigawanya, 28.500 kwa kilo 22 na nusu inatoka karibu 1.267 FC kwa kilo, wakati 31.000 kwa kilo 25 ni 1.240. Ule mwingine ulikuwa kilo 25 kamili, na makiliya akaenda kununua kule. Ilikuwa haki yake. Muuzishaji alimuambia tu: «Karibu siku ingine.»

Ulizo lingine lilitoka kwa ndugu na jirani: «Miye niko wa kwenu, munipunguzie.» Hapa ndipo koperative nyingi zinaharibu kila kitu. Mama wa soko akisikia kama shemeji ya prezida analipa 28.000, lile tangazo lote linakuwa karatasi tu. Walikubaliana kama hakuna anayelipa chini ya bei iliyoandikwa ku mulango, hata mwanamemba, hata prezida. Kwa wanaochukua mifuko kumi na zaidi kwa mara moja kulikuwa na punguzo la 500 FC ku mufuko, lakini liliandikwa ku mulango tangu zamani na liko kwa kila mutu.

Kuna pia makiliya aliyenyamaza. Haulizi kitu, harudi tu. Muuzishaji alitumia lile daftari la majina: kisha juma mbili za bei mupya, aliangalia nani hakuonekana. Watu saba. Aliwapigia simu, si kuwalaumu, kuwauliza tu hali. Wawili walikuwa wamesafiri. Mumoja mwenye restora alisema sasa anachanganya unga wa muhogo na wa mahindi, anahitaji mifuko midogo. Walianza kumutengenezea ya kilo 10 kwa 12.500 FC. Wanne walikuwa wameenda kwa wengine. Wale mama watatu wa soko wote walibaki. Juma la kwanza la bei mupya walitoka mifuko 78, la pili 85, na mu mwezi wa ine walirudi karibu na 95.

Mwezi wa saba

Ahadi ilifika. Mihogo mikavu ilishuka mupaka 640 FC kwa kilo, kamyo ilirudi 3.500 kwa kuwa barabara ilikauka. Kusaga, mufuko mutupu, depo na kodi zilibaki palepale. Kamati ilipiga hesabu: 16.640 kwa mihogo, na vyote vingine, jumla 26.740 FC. Wakiweka zile 2.000 za koperative, inafika 28.740.

Mu mukutano wengine walisema: watu wamezoea 31.000, tuache hivyo, nani atajua? Mama mumoja mwanamemba alisimama na telefone yake, akasoma tena lile tangazo la mwezi wa tatu, mustari wa mwezi wa saba. Hapakuwa na mengi ya kuongeza. Waliweka bei 29.000 FC. Wakapiga foto ya mufuko juu ya mizani, na chini yake wakaandika:

«UNGA WA MUHOGO, MUFUKO WA KILO 25. Kuanzia Jumatatu bei itakuwa 29.000 FC, ilikuwa 31.000. Mihogo mikavu ilishuka mupaka 640 FC kwa kilo na kamyo ilishuka pia. Haikurudi 27.000 kwa kuwa mihogo bado iko juu kupita mwaka jana, na kusaga hakukushuka. Uzito ni uleule. Tutapiga hesabu tena wakati mvua itakapoanza.»

Jumatatu ile, mama aliyesema «munatuibia» mwaka uliopita alifika wa kwanza ku depo, na feza ya mifuko 20 mu kitambaa. Alipima mumoja, akalipa yote.